Msambazaji wa sabuni anataka awe peke yake Kigoma yote na Tabora. Nimpe au nimkatie eneo?

#1 MtotoWaMwanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo kabla sijasaini.

Nina kiwanda kidogo cha sabuni za miche hapa Kigoma mjini, natumia mawese ya huku huku. Uwezo wetu ni katoni 600 kwa mwezi, ila tunauza kama 350. Mjini na Ujiji zinaenda 130, wenye maboti wa Kibirizi wanachukua 60, Kasulu 90, Kibondo na Kakonko 30, Nguruka 40. Bei ya kiwandani ni 24,000 kwa katoni. Gharama ya kuitengeneza, kuanzia mawese mpaka boksi, ni kama 18,000. Kusafirisha kunakula 350,000 kwa mwezi, na 250,000 ya hiyo ni njia ya Kasulu na Kibondo.

Sasa amekuja mfanyabiashara wa jumla wa Kasulu, mtu mzima, ana stoo na fuso mbili. Anataka awe msambazaji pekee wa mkoa wote wa Kigoma pamoja na Tabora kwa miaka 3. Anataka katoni kwa 21,000, anazifuata mwenyewe kiwandani, analipa baada ya siku 30. Anasema atachukua katoni 300 kwa mwezi, lakini kwenye karatasi ameandika "atajitahidi kuchukua".

Mke wangu anasema tukubali tupumzike na madeni ya maduka. Mimi roho inasita. Mnaonaje?

#2 Fuso_la_Buhigwe

Kubali mkuu. Mtu mwenye fuso mbili na stoo humpati kila siku. Wewe kaa utengeneze sabuni, yeye auze.

#3 Bi_Hesabu

Kaka, kabla ya kuangalia fuso zake angalia namba zako mwenyewe. Leo unauza 350 na kila katoni inakuachia 6,000, yaani 2,100,000 kwa mwezi. Yeye akichukua 300 kwa 21,000, kila moja inakuachia 3,000, yaani 900,000. Kurudi pale ulipo leo inabidi auze katoni 700, na kiwanda chako kinatoa 600. Unampa mikoa miwili ili upate chini ya nusu ya unachopata sasa.

Na hiyo 300 yenyewe ni ndogo kuliko mauzo yako ya leo ndani ya eneo hilo hilo analoliomba. Maana yake hajaahidi kukuletea mteja mpya hata mmoja.

#4 Wakala_Mkuu_Kaliua

Mimi nina uwakala wa pesa za simu Kaliua, na kampuni haikunipa eneo la peke yangu. Wameweka wakala mwingine hatua chache kutoka kwangu. Hiyo fomu ya kuomba eneo unaipata wapi mkuu?

#5 Fuso_la_Buhigwe

@Wakala_Mkuu_Kaliua hapa tunaongelea sabuni, ndugu yangu 😂 Anzisha uzi wako tutakuja.

@Bi_Hesabu umesahau nauli. Jamaa anafuata mzigo mwenyewe, kwa hiyo ile 350,000 inabaki mfukoni kwa mwenye uzi.

#6 Bi_Hesabu

Kweli, nauli sikuitoa. Basi anachobaki nacho leo ni 1,750,000. Ukigawa kwa 3,000 unapata katoni 584 kwa mwezi ili abaki pale pale alipo. Kiwanda mwisho wake 600. Hoja inabaki ile ile, imelegea kidogo tu.

#7 Mzee_wa_Mikataba

Salaam. Nimeandaa na kusuluhisha mikataba ya aina hii kwa miaka mingi, ya tumbaku, ya vinywaji, ya saruji. Niseme machache.

Kwanza neno "pekee" lina maana mbili, na watu wanagombana mahakamani kwa sababu hawakuchagua mojawapo. Maana ya kwanza ni kwamba hutamweka msambazaji mwingine katika eneo hilo, lakini wewe mwenyewe unaendelea kuuza. Maana ya pili ni kwamba hata wewe mwenyewe huuzi humo. Ukisaini kwa maana ya pili, bibi mwenye duka Ujiji akija na toroli mlangoni kwako itabidi umwelekeze Kasulu, umbali wa kama kilomita 90, akanunue sabuni iliyotengenezwa nyuma ya nyumba yake. Andika kwa sentensi kamili nani haruhusiwi kuuza wapi, na kwa nani. Usiliachie neno moja kazi hiyo.

Pili, "atajitahidi" haina uzito. Siku ukimdai atakuambia alijitahidi, na utathibitishaje kwamba hakujitahidi? Upekee unalipiwa kwa idadi. Asipokuwa na idadi ya lazima, umempa eneo bure.

Tatu, eneo lifuate njia ya mzigo. Mipaka ya serikali haikuchorwa kwa ajili ya sabuni.

#8 MtotoWaMwanga

Asante mzee. Hilo la tatu sijalielewa vizuri. Yeye ameandika "Mkoa wa Kigoma", mimi niliona wilaya ndiyo njia rahisi ya kugawa.

#9 Nahodha_Kibirizi

Hapo nijibu mimi kwa sababu ni maji yangu. Chukua wilaya ya Uvinza. Nguruka iko kwenye reli, wafanyabiashara wake wanatazama Kaliua na Tabora. Kalya iko mwambao wa kusini, mzigo wake unapakiwa kwenye boti hapa Kibirizi. Ni wilaya moja lakini masoko hayajuani. Ukimpa mtu wa Kasulu "Wilaya ya Uvinza" hatafika Kalya mpaka kiama. Na mimi ninayefika huko, wewe mtengenezaji utakuwa umekatazwa kuniuzia.

Huku juu Kagunga vile vile, kijiji cha mpakani na Burundi, sisi tunakwenda kwa boti.

#10 Mama_Nyuki_Sikonge

Nawasalimu. Niwape ya kikundi chetu cha asali. Tulimpa mnunuzi mmoja upekee wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, miaka miwili, bila idadi. Miezi ya kwanza alichukua vizuri, baadaye akapunguza. Mwenzetu alipokwenda dukani kwake alikuta asali yetu iko rafu ya chini, na ya kwake mwenyewe, yenye lebo yake, iko mbele. Alichotaka ni sisi tusiwepo sokoni. Na mkataba ulitufunga sisi, yeye haukumfunga popote.

Kaka wa sabuni, muulize huyo mzee wa Kasulu ana sabuni nyingine anazosambaza?

#11 MtotoWaMwanga

Dada yangu umenishtua. Anazo mbili, moja ya kiwanda cha Dar na nyingine inatoka Mwanza.

#12 Fuso_la_Buhigwe

Kila mwenye duka la jumla ana sabuni mbili tatu. Huwezi kumwambia aziache kwa ajili ya katoni zako 300. Atakufukuza.

#13 Mzee_wa_Mikataba

Hapo Fuso yuko sahihi. Mtengenezaji mdogo hana nguvu ya kudai aachiwe rafu nzima. Anachoweza kudai ni viwili. Msambazaji aorodheshe kwenye kiambatisho sabuni anazouza leo, na asiongeze nyingine ya mawese ya daraja hilo hilo bila kukujulisha kwa maandishi. Halafu idadi ya lazima iwe juu kiasi kwamba kukuficha rafu ya chini kunamgharimu yeye. Yaliyomkuta Mama Nyuki yangeonekana mapema kama idadi ingekuwepo, kwa sababu robo mwaka ya kwanza tu iliyoshuka ingewapa haki ya kusema.

#14 Mwanasheria_Mtarajiwa

Naona wote mnasahau sheria. Kumpa mtu mmoja eneo peke yake ni kuzuia ushindani na ni kosa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tume ya Ushindani, FCC, wakijua, faini.

#15 Mzee_wa_Mikataba

Kijana, sheria umeitaja sawa lakini umeifikisha mbali. Inachowakamata sana ni washindani wanaokula njama ya bei au ya tenda, na wenye nguvu kubwa ya soko wanaoitumia vibaya. Mtengenezaji na msambazaji wake hawashindani, na katoni 350 kwenye soko la sabuni ni tone. Kinachopaswa kumtia hofu mwenye uzi ni kufungwa na mkataba wake mwenyewe.

#16 Mwanasheria_Mtarajiwa

Nimekuelewa mzee. Lakini akipanga bei ya rejareja kwa maduka yote ya Kasulu?

#17 Mzee_wa_Mikataba

Hilo asilifanye. Apendekeze bei, asilazimishe.

#18 Nzega_Jumla

Ngoja niwasemee wasambazaji, maana humu tumeshakuwa wezi wote. Mimi nasambaza bidhaa Nzega na Igunga. Kuingiza sabuni isiyojulikana kwenye duka ni kazi. Unawapa wenye maduka mali kauli, unazunguka kukusanya, mwingine anahama na deni. Unafanya hivyo mwaka mzima, jina linashika, halafu mtengenezaji anakuja na kirikuu chake anawauzia wateja wako kwa bei aliyokuwa anakuuzia wewe. Limenikuta hilo. Kwa hiyo msambazaji akiomba upekee na miaka 3 msimwone ana tamaa. Analinda pesa aliyoizika.

Na hizo idadi zenu, ziwe na njia mbili. Kiwanda kikikosa mawese mwezi mzima nami nimeshaagiza, nani alipe pengo?

#19 Bi_Hesabu

Hoja ya Nzega_Jumla ni ya haki. Iandikwe kwamba katoni alizoagiza kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na kiwanda kikashindwa kuzitoa ndani ya siku mlizokubaliana, zinapunguzwa kwenye idadi yake ya robo hiyo. Na idadi ipimwe kwa robo mwaka, isiwe kwa mwezi. Kasulu na Kibondo pesa inakuja na mavuno, kuna miezi mikavu.

Sasa nimepiga hesabu nyingine. Mwenye uzi, usimpe mkoa. Mpe Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko tu. Leo huko unauza 120 kwa mwezi. Zinakuachia 720,000, toa nauli ya 250,000, unabaki na 470,000. Ukimuuzia kwa 22,000 kila katoni inakuachia 4,000, kwa hiyo akichukua 120 tu unapata 480,000. Haujapoteza kitu na hujaendesha gari. Kila katoni juu ya 120 ni faida mpya. Kwa ile bei yake ya 21,000 ungehitaji 157 ili usirudi nyuma, na hiyo ndiyo gharama ya kumwachia shilingi 1,000.

Idadi ya lazima: robo ya kwanza katoni 360, yaani kile kile kinachouzwa leo, ili apate kupumua. Robo ya pili 420, ya tatu 480, ya nne 540.

#20 Fuso_la_Buhigwe

Dada Hesabu uko vizuri, ningekuwa na mdogo wangu asiyeoa ningemleta kwenu.

#21 Bi_Hesabu

Mlete na mahesabu yake ya miezi sita nimkague kwanza.

#22 MtotoWaMwanga

😂 Nimeifanyia kazi #19 usiku mzima. Swali: robo ikipita hajafikisha, namfanya nini? Nikivunja mkataba napoteza mtu mwenye stoo. Nikinyamaza idadi inakuwa pambo.

#23 Mzee_wa_Mikataba

Usivunje. Andika kwamba akikosa robo mbili mfululizo, upekee ndio unaondoka na mkataba unabaki. Anaendelea kununua kwako kama wengine, nawe uko huru kuweka mwingine au kuuza mwenyewe. Adhabu inayoweza kutekelezwa bila kelele ndiyo inayotekelezwa. Taarifa iende kwa barua ndani ya siku 14 baada ya robo kuisha. Ukimpa mizigo robo tatu bila kusema neno, atadai umemsamehe, na hatakuwa amekosea sana.

#24 Nzega_Jumla

Mimi napinga. Mpe nafasi ya kulipia pengo. Akipungukiwa katoni 50, achukue zote 50 mwanzoni mwa robo inayofuata alipe taslimu, upekee ubaki. Nilichokwisha kuwekeza kisifutwe na robo mbili za mvua.

#25 Mama_Nyuki_Sikonge

Kwa hiyo mwenye pesa anaweza kununua haki ya kukulalia. Yule wa kwetu angelipa hata mara mbili ili asali yetu isionekane.

#26 Nzega_Jumla

Sabuni haikai kama asali, mama. Akizijaza stoo bila kuziuza zinapungua uzito na boksi zinalegea. Hasara ni yake.

#27 Mkulima_Simbo

Nauza mawese, naomba kuuliza jambo moja. Hiyo 22,000 ni ya miaka 3? Mawese yakipanda wakati wa uhaba mwenye kiwanda atakula wapi?

#28 Bi_Hesabu

Swali zuri kuliko yote humu. Bei isifungwe kwa miaka 3. Bei ya kiwandani ibadilike kwa taarifa ya siku 14, na oda zilizokwishapokelewa ziende kwa bei ya zamani. Kinachofungwa ni tofauti: yeye anunue kwa 2,000 chini ya bei ya kiwandani ya siku hiyo. Muda wenyewe uwe mwaka mmoja, unaojirudia akifikisha idadi.

#29 Nzega_Jumla

Mwaka mmoja ni mfupi. Mwaka wa kwanza msambazaji anapanda tu. Angalau miwili, na wakiachana apewe notisi ya siku 90 na kiwanda kinunue sabuni zilizobaki stoo kwa bei aliyonunulia.

#30 Muuzaji_Manyovu

Mmesahau mpaka. Warundi wanavuka hapa Manyovu kila siku kununua vitu. Mzee wa Kasulu akipewa Buhigwe atawauzia, na mwenye uzi naye anauzia wanaokuja kwa boti. Je, Burundi ni ya nani?

#31 Nahodha_Kibirizi

Burundi ni ya anayekuja na pesa.

#32 Mzee_wa_Mikataba

Nahodha kasema kwa kifupi kitu cha msingi. Kuna kwenda kutafuta wateja katika eneo la mwenzako, na kuna mteja kukufuata mwenyewe. La kwanza mnaweza kulikataza: usifungue stoo, usipeleke gari, usitangaze. La pili mkilikataza mtaumia wote, kwa sababu huwezi kumuuliza kila mwenye pesa dukani ametoka wapi. Burundi na Kongo ziachwe nje ya mkataba kabisa, asipewe yeyote. Na kabla hujamuuzia mtu wa huko mzigo mkubwa ujue kwamba jina la sabuni yako ulilosajili BRELA halikulindi ng'ambo. Andika kwamba msambazaji hasajili jina hilo popote.

#33 Fuso_la_Buhigwe

Tuandike basi kwamba ni marufuku mtu yeyote kuuza sabuni hiyo Kasulu bila ruhusa yake. Tumalize.

#34 Mzee_wa_Mikataba

Mkataba unawafunga waliosaini. Mwenye duka wa Mwanga akinunua katoni tano kwako akazipeleka kwa shemeji yake Kasulu, hakusaini chochote. Unachoweza ni kuahidi kwamba wewe hutamuuzia mtu unayejua anapeleka huko kwa jumla.

#35 Bi_Hesabu

Na ujue kwa kugonga muhuri. Katoni za msambazaji zipate herufi yake pembeni pamoja na namba ya bechi, za mjini herufi nyingine. Akilalamika kwamba kuna sabuni imevuja, alete boksi. Bila muhuri mtabishana kwa maneno mpaka mchoke.

#36 Nahodha_Kibirizi

Enzi Liemba inashusha mizigo mpaka Kasanga tulikuwa tunaandika kwa chaki, mvua ikinyesha kila gunia ni la kila mtu.

#37 MtotoWaMwanga

Wakuu, asanteni sana. Leo nimekwenda Kasulu kuonana na mzee. Mrejesho:

Amekubali wilaya nne, na Kigoma mjini, Ujiji, Kibirizi na Nguruka zimebaki kwangu. Tabora ameomba aulizwe kwanza kabla sijampa mtu mwingine. Nimekubali, ila awe na siku 30 za kujibu kwa idadi, akinyamaza niko huru. Bei ni 2,000 chini ya kiwandani. Malipo siku 21 badala ya 30, na akichelewesha mara mbili ndani ya robo upekee unasimama mpaka alipe. Idadi amekubali 360, 420, 480, ila ya nne anataka 500.

Tulipokwama ni taasisi. Mashirika yanayohudumia kambi ya Nyarugusu hununua sabuni kwa tenda, na kambi iko Kasulu, kwenye eneo lake. Mimi nataka tenda zote zibaki za kiwanda. Yeye anasema tenda moja inaweza kuwa kubwa kuliko mauzo yake ya robo nzima, na haiwezekani apite mgeni sebuleni kwake bila yeye kunawa mikono.

#38 Mama_Nyuki_Sikonge

Usiachie tenda. Zile zinataka nyaraka za mtengenezaji, cheti cha TBS na leseni, na hivyo vyote ni vyako.

#39 Nzega_Jumla

Mpe kamisheni basi. Akipeleka mzigo kwa fuso yake na kuhifadhi, apate 500 kwa katoni. Vinginevyo atakuwa anakuombea ukose tenda.

#40 Bi_Hesabu

Kamisheni sawa, lakini katoni za tenda zisihesabiwe kwenye idadi yake ya lazima. Tenda moja ikihesabiwa, atafikisha robo mbili bila kuuza mche hata mmoja dukani, na upekee atabaki nao.

#41 Nzega_Jumla

Kama amezibeba, amezihifadhi na amezikabidhi, kwa nini zisihesabiwe? Hesabuni hata nusu.

#42 Mzee_wa_Mikataba

Nusu italeta ugomvi wa kuhesabu. Mimi ningezitoa kabisa, na kamisheni iongezwe mpaka 700. Ila namwelewa Nzega.

#43 MtotoWaMwanga

Nitampelekea hiyo ya 700 Jumatatu. Akikataa nitarudi na ile ya nusu. Kuna mwenye mfano wa kifungu kama hicho kilichowahi kutumika? Hata cha bidhaa nyingine.